Hadidiski yangu ilivyoungua umeme uliporudi kwa kishindo, na walivyoitoa data maabara

Mimi napiga picha za harusi hapa Dar, kazi za miaka minne zote zilikuwa kwenye hadidiski moja ya tera 1 ndani ya kompyuta, na kweli sikuwa na kopi nyingine. Siku hiyo umeme ulikatika usiku, ulivyorudi taa ikawaka nyeupe kupita kawaida kama sekunde mbili hivi, balbu ikapasuka na kompyuta ikazima hapohapo.

Asubuhi nabonyeza swichi, feni inazunguka kidogo tu inakata. Nikajua pawa saplai imekufa, nikaazima nyingine kwa jirani, mambo yaleyale. Fundi wa mtaani akaja akachomoa waya wa umeme wa hadidiski, kompyuta ikawaka vizuri kabisa. Akairudisha waya, ikakata. Hapo ndio akaniambia shida ni diski yenyewe, kuna shoti kwenye bodi yake, na pawa saplai ikiona shoti inajizima ili isiungue.

Akafungua skrubu za ile bodi ya kijani chini ya diski, akanionyesha karibu na sehemu ya kuchomeka umeme vidaiodi viwili vyeusi, kimoja kinalinda laini ya volti 5 na kingine ya volti 12. Kazi yao ni kujitoa sadaka, umeme ukizidi kinapitisha wote kwenda graundi, na ukiwa mkubwa sana kinakufa kikiwa kimejishoti. Akapima kwa mita, cha volti 5 kizima, cha volti 12 kinasoma karibu sifuri pande zote. Akakitoa. Mara nyingi ukikitoa tu diski inaamka hata bila kuweka kingine, ila inabaki haina ulinzi, ukiichomeka kwenye umeme mbovu tena umekwisha. Yangu haikuamka. Kompyuta haikati tena lakini mota haizunguki, na tulivyomulika na tochi tukaona chipu ya mota ina kitobo kidogo kama cha sindano, imeungua.

Sasa hapa ndio nilikosea. Nikatafuta diski nyingine modeli ileile, tukahamisha bodi nzima. Ikazunguka! Nikafurahi, halafu ikaanza tk, tk, tk, kompyuta haiioni. Nikaizima na kuiwasha kama mara tano nikiombea ishike, kitu ambacho sitarudia.

Nikaipeleka maabara moja ya kurudisha data. Yule fundi swali lake la kwanza, "Kaka, bodi ya zamani ipo?" Nikasema ipo kwenye begi, akashusha pumzi. Akanieleza kwamba kwenye bodi kuna chipu ndogo ya miguu minane, ndani yake zimeandikwa taarifa za diski hiyohiyo moja, jinsi vichwa vyake vilivyopimwa kiwandani. Diski mbili za modeli moja hazifanani hapo, kwa hiyo bodi ngeni inazungusha mota lakini vichwa havijui kusoma sahani zake, vinatafuta na kugonga, na ukiiacha igonge vinaweza kuharibika kweli. Kuna bodi nyingine hazina hiyo chipu, taarifa zimo ndani ya chipu kubwa, hapo wanazihamisha kwa mashine.

Akaitoa chipu yangu kwa hewa ya moto akailehemu kwenye ile bodi nzima ya diski nyingine. Kabla ya kuwasha akapima vile vituo vinavyogusana na vichwa, maana ndani ya diski, kwenye mkono wa vichwa, kuna chipu nyingine ya kukuza mawimbi, na umeme ukiifikia hiyo, bodi haisaidii tena, inabidi wafungue diski kwenye hewa safi isiyo na vumbi wabadilishe vichwa kwa kuchukua vya diski nyingine, gharama inapanda sana na hakuna uhakika. Sahani zikiwa zimechubuka basi, sehemu hiyo hairudi kwa namna yoyote.

Yangu ilikuwa nzima. Akawasha, ikazunguka, ikakaa kimya, jina lake likatokea kwenye skrini, nilisimama pale machozi yananilenga. Hakufungua picha hata moja, akaanza kuinakili yote kipande kwa kipande kwenda diski mpya, vipande vinavyosumbua anaviruka na kuvirudia mwishoni, ili diski mgonjwa isihangaishwe. Ilichukua usiku mzima mpaka kesho yake mchana.

Zilirudi karibu zote, video mbili tu zinakwama katikati. Nilianza na folda ya dada mmoja ambaye baba yake alifariki miezi mitatu baada ya harusi, nikafungua ile picha mzee anamshika mkono mlangoni, ipo, safi. Jioni ileile nikampelekea kwenye flashi.