Viza bado, na masomo yanaanza Jumatatu

Jamani, pasipoti yangu bado iko ubalozini na masomo yanaanza Jumatatu. Nimeiandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na nimeona niwaonyeshe nilivyouliza, maana wengi tuko foleni moja.

Sikuuliza "naweza kuchelewa?" Swali hilo hujibiwa "inategemea", basi. Niliandika: "Maombi yangu ya viza bado yanashughulikiwa, nimeambatisha risiti na uthibitisho wa kuchukuliwa alama za vidole. Naomba kujua siku ya mwisho kabisa ya kujisajili kwa waliochelewa, na kama naweza kuchagua kozi mtandaoni kabla sijafika." Kwenye kichwa cha barua pepe niliweka namba ya mwanafunzi na jina la programu.

Jibu limekuja mchana. Kozi naruhusiwa kuchagua, ila usajili kamili mpaka waione pasipoti yenye viza. Tarehe ya mwisho wamenipa.

Sasa kuna hili: barua ya udahili huwa na tarehe ya mwisho ya kuripoti, na afisa wa viza naye huitazama. Ikipita kabla viza haijatoka, anaweza kukunyima kwa kuwa umeshachelewa masomo. Kwa hiyo nimeomba barua mpya yenye tarehe iliyosogezwa, niipeleke ubalozini.

Hosteli ni ofisi nyingine kabisa (kwa nini haziongei, sijui). Nao nimewaarifu, wasije wakagawa chumba changu.

Viza isipotoka kabla ya tarehe ya mwisho ya kujisajili, nitaomba kuahirisha udahili hadi muhula ujao. Tiketi bado sijakata.