Sakafu yenye tundu: nilivyoielewa riba inayolipwa kwenye akiba za benki

Kwa muda mrefu niliwafundisha vijana wapya wa idara yetu ya hazina namna benki kuu inavyoongoza riba za soko wakati benki zina akiba tele. Maelezo yangu yalikuwa mafupi. Benki kuu ikilipa asilimia 0.50 kwenye akiba ambazo benki zimeweka kwake, hakuna benki itakayokubali kumkopesha mwenzake kwa chini ya hapo. Kwa hiyo 0.50 ni sakafu, na soko haliwezi kushuka chini yake.

Siku moja kijana mmoja alifungua takwimu za Fed, yaani benki kuu ya Marekani, za tarehe 17 Desemba 2015 akaniuliza: "Mwalimu, siku hiyo Fed ililipa 0.50 kwenye akiba. Mbona soko la mikopo ya usiku mmoja lilikuwa 0.37?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku chache, na siku hizo zilinifundisha kuliko miaka yote niliyokuwa nikifundisha.

Nilianza na historia. Kabla ya msukosuko wa 2008, akiba za benki zote za Marekani zilikuwa chini ya dola bilioni 50. Zilikuwa chache, kwa hiyo Fed ikiongeza au kupunguza kidogo tu, bei yake sokoni ilisogea. Kisha Fed ikanunua hati fungani kwa wingi, na kufikia 2014 akiba zilipita trilioni 2.5. Kwenye bahari hiyo, kuchota bilioni chache hakubadilishi bei. Kilichobaki ni kuamua akiba yenyewe izae kiasi gani. Sheria ya 2006 iliipa Fed ruhusa ya kulipa riba hiyo kuanzia 2011. Msukosuko ukafanya tarehe ivutwe hadi Oktoba 2008.

Hadi hapo maelezo yangu yalisimama. Kosa niliona lilipo pale nilipoacha kusema "benki" kwa ujumla na kuuliza: nani hasa aliyekopesha kwa 0.37?

Wakopeshaji wakubwa wa soko hilo ni Benki za Shirikisho za Mikopo ya Nyumba. Zina jina la benki, na zina akaunti Fed, lakini sheria haiziruhusu kulipwa riba kwenye salio lao. Fedha zikilala pale, zinazaa sifuri. Mkopaji kwa kawaida ni tawi la benki ya kigeni lililopo Marekani, ambalo linalipwa hiyo riba ya akiba. Nilichukua karatasi nikaandika mkopo mmoja wa dola milioni 100, usiku mmoja, mwaka wa siku 360 kama soko hilo linavyohesabu:

```
Fed inalipa tawi:    100,000,000 x 0.0050 / 360 = 1,388.89
Tawi linalipa:       100,000,000 x 0.0037 / 360 = 1,027.78
Linalobaki na tawi:                                 361.11
```

Tawi halikuhitaji fedha hizo kwa kazi yoyote. Lilizikopa, likaziacha Fed, asubuhi likarudisha na kubaki na dola 361. Mkopeshaji naye alipata karibu 1,028 badala ya sifuri. Wote wawili walitoka na faida, na soko likawa limeuza chini ya "sakafu" yangu bila mtu yeyote kukosea hesabu.

Swali lililofuata lilinisumbua zaidi. Kama faida ni rahisi hivyo, kwa nini benki za ndani hazikukimbilia kukopa na kuipandisha 0.37 hadi 0.50? Jibu ni gharama ya ukubwa wa mizania. Tangu Aprili 2011, ada ya bima ya amana nchini Marekani inakokotolewa kwenye mali zote za benki ukitoa mtaji, siyo kwenye amana peke yake. Kila dola inayokopwa na kuwekwa Fed inakuza mizania, na ada inakua nayo. Tuseme ada na gharama za mtaji zinakula asilimia 0.08: basi katika 0.13 ya faida inabaki 0.05, na ile 361 inakuwa karibu 139. Matawi mengi ya kigeni hayalipi ada hiyo, ndiyo maana kazi hii ni yao. Pengo kati ya riba ya akiba na riba ya soko ni ujira wa anayekubali kubeba mizigo hiyo.

Hapo nikaelewa kwa nini Fed iliongeza chombo cha pili. Kupitia repo ya kinyume ya usiku mmoja, Fed hupokea fedha leo, hutoa hati fungani kama dhamana, na kuzirudisha fedha kesho pamoja na riba. Mlango huo uko wazi hata kwa wasiolipwa riba ya akiba, zikiwemo benki za mikopo ya nyumba na mifuko ya soko la fedha. Siku ile ya Desemba 2015 ulilipa 0.25. Mkopeshaji wetu akiambiwa na tawi "nakupa 0.20", ana pengine pa kupeleka milioni 100 zake na kupata dola 694. Riba ya akiba inavuta kutoka juu kupitia wale wanaoipata. Repo ya kinyume inazuia kutoka chini kwa wale wasioipata. Soko lilitulia katikati.

Hata hivyo, mfumo una siku zake mbaya. Tarehe 31 Desemba 2015 riba ya soko ilianguka hadi 0.20, chini ya 0.25, upeo wa chini wa riba ambayo Fed ililenga soko libaki ndani yake. Benki nyingi za kigeni hupimwa uwiano wa mtaji kwa salio la siku ya mwisho ya kipindi, hivyo siku hiyo hupunguza mizania na hukopa kidogo sana. Baadaye soko lilirudi. Tangu hapo, nikiona mporomoko wa siku moja mwishoni mwa mwezi, situmii nguvu kutafuta sababu nyingine.

Niliporudi darasani nilikuwa na karatasi ya hesabu yenye safu tatu kutoka hifadhidata ya FRED: `EFFR`, ambayo ni riba ya soko la usiku mmoja, `IOER`, ambayo ni riba ya akiba (tangu Julai 2021 nafasi yake imechukuliwa na `IORB`), na `RRPONTSYAWARD`, ambayo ni riba ya repo ya kinyume. Safu ya nne ni ya kwanza ukitoa ya pili, na hiyo ndiyo ninayoiangalia zaidi. Ikiwa hasi, akiba ni tele na wasiolipwa riba ndio wanaopanga bei. Ikipanda kuelekea sifuri na kubaki huko, benki zenyewe zimeanza kukopa kwa sababu zinahitaji akiba.

Nilimwonyesha yule kijana mwaka 2019. Mwezi Machi tofauti hiyo ilivuka sifuri: soko 2.41, riba ya akiba 2.40. Mei Fed ilishusha riba ya akiba hadi 2.35 ili kuvuta soko chini. Kisha katikati ya Septemba kodi za kampuni na malipo ya hati fungani mpya za serikali vilihamisha fedha kutoka benki kwenda akaunti ya Hazina ya Marekani, na akiba zikashuka chini ya trilioni 1.4. Tarehe 17 Septemba soko lilikuwa 2.30, juu ya upeo wa juu wa lengo la Fed, 2.25, wakati riba ya akiba ilikuwa 2.10 tu. Fed ililazimika kukopesha fedha sokoni kupitia repo.

"Kwa hiyo trilioni 1.4 bado ni chache?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba kiasi chenyewe hakisemi. Tuliiangalia tena ile safu ya nne, tangu Machi kuja mbele, mstari kwa mstari.