Hotuba ya dakika nne mbele ya ghala la pamba

Mkutano wa kwanza niliuharibu mimi mwenyewe, kwa maneno mawili tu: "kwa mfano".

Mimi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, katika kijiji cha bondeni, wilaya ya Kasese nchini Uganda. Katikati ya kijiji chetu kuna ghala la pamba la chama cha ushirika cha wakulima. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi miaka ya 1990, vyama vingi vya msingi vilikosa pamba ya kukusanya, na chetu kilikuwa kimojawapo. Ghala likabaki na popo. Mara ya mwisho kuwafaa watu ilikuwa Mei 2020, mto Nyamwamba ulipofurika na familia kadhaa zikalala humo.

Basi nikaita mkutano tutafute la kulifanyia. Nilizungumza karibu dakika arobaini. Nilieleza historia, nikashukuru wakubwa wote, kisha nikasema: "Tunaweza kulitumia kwa kazi nyingi. Kwa mfano, kinu cha mahindi." Ikawa basi. Hadi jua linazama watu walijadili kinu: umeme, bei ya kusaga, nani atashika ufunguo. Hakuna aliyetaja kitu kingine. Jioni nikasikia uvumi kwamba mwenyekiti ana rafiki mwenye kinu na ghala limeshauzwa. Rafiki huyo sina hadi leo.

Nilichojifunza ni kwamba mfano ukitoka mdomoni mwa mwenye kiti, watu hawausikii kama mfano. Wanausikia kama uamuzi unaotafuta wa kuupigia makofi. Kijijini kwetu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu uchaguzi wa Julai 2018 tuliupiga kwa kujipanga mistari nyuma ya wagombea. Kila mtu anajua nani alisimama nyuma yangu na nani alinipa kisogo. Aliyenipinga siku ile hawezi kusifu kinu changu, na aliyeniunga mkono hathubutu kukikosoa.

Kabla ya kuita mkutano wa pili nilitumia miezi mitatu kutafuta majibu ya maswali ambayo nilijua yangeniangusha.

La kwanza lilikuwa mwenye ghala. LC1 ni baraza la wakazi. Si chombo kinachoweza kumiliki jengo kwa jina lake, na mwenyekiti hana mamlaka ya kuligawa. Ghala ni mali ya wanachama wa ushirika, hata kama chama kimelala. Nilikwenda kwa afisa wa ushirika wa wilaya, kisha nikawatafuta wazee watatu wa kamati ya mwisho waliobaki hai. Walikubali kuandika barua: kijiji kitafute matumizi, wao watatoa ruhusa ya kutumia, lakini ghala halitauzwa na ukuta hautabomolewa bila wanachama kukaa. Barua yenyewe ina mistari sita.

La pili lilikuwa hali ya jengo. Nilimwita fundi mwashi. Tukapima kwa kamba: mita 18 kwa 9, sakafu ya saruji nzima, mlango mmoja mpana wa mbao mbili, na madirisha hakuna, ila matundu madogo chini ya paa, maana pamba ilitaka hewa na haikutaka wezi. Mabati tisa hayapo. Fundi alichoma mbao za paa kwa ncha ya kisu, moja baada ya nyingine. Palipokuwa pazima kisu kiligoma, na kwenye boriti mbili kiliingia kama kwenye ndizi mbivu. Mchwa walishakula ndani na kuacha ganda.

Kilichonitisha ni ufa kwenye pembe ya mashariki. Fundi hakusema neno. Alichanganya saruji kidogo, akaibandika ukanda mwembamba kukatisha ufa, ikiwa bado mbichi akaikwaruza tarehe kwa msumari. "Mwenyekiti, njoo uniambie baada ya miezi mitatu," akasema. Ukanda ukipasuka, ukuta bado unatembea na hakuna sababu ya kumwingiza mtu ndani. Ukibaki mzima, ufa ni wa zamani na umetulia. Niliukagua kila Jumapili. Haukupasuka.

Sasa hotuba. Niliiandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kumsomea mke wangu huku akitazama saa. Mara ya kwanza dakika tisa. Nikakata historia yote. Nikakata shukrani kwa wageni, kwa kuwa sikualika mgeni yeyote. Lugha ilikuwa Kiswahili. Tuna Wakonzo, Watooro, Wanyankole na watoto wa wachimbaji waliokuja enzi za shaba ya Kilembe. Ukizungumza lugha ya upande mmoja, upande mwingine unaanza kuhesabu. Siku ilikuwa Jumapili saa nane. Jumamosi ingewaacha Wasabato nje, na baada ya saa kumi pombe nayo huomba nafasi ya kuchangia. Tangu saa saba mlango wa ghala ulikuwa wazi, watu waingie wajionee wenyewe. Kisha tukaketi chini ya mwembe, ghala likiwa mbele ya macho yetu. Nikasema hivi:

"Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kuja. Nitasema maneno machache kisha nitanyamaza.

Ghala hili halijauzwa. Si langu, wala si la kamati yangu. Ni la wanachama wa ushirika, na wazee wao hawa hapa wameketi mbele. Barua yao katibu ataisoma nikimaliza. Wameturuhusu kutafuta matumizi. Kuuza na kubomoa ukuta, hapana, mpaka wanachama wakae.

Mmeingia mmeona. Sakafu ni nzima. Ule ufa wa pembeni umetulia. Paa linataka mabati tisa na boriti mbili. Madirisha hakuna, kwa hiyo mchana ndani ni giza.

Pesa kijiji hakina. Pesa za mpango wa serikali wa PDM ni mkopo wa kaya kwa shughuli zao, haziji kununua mabati. Siahidi fungu lolote leo na kesho sitaahidi.

Swali langu ni moja. Katika wiki moja ya maisha yako hapa kijijini, ni shida gani inayokupata ambayo jengo lenye sakafu nzuri na mlango wa kufungwa lingeipunguza?

Leo tunakusanya, hatuchagui. Hakuna kura na hakuna kunyoosha mkono. Wazo likitajwa litaandikwa, hata likikuchekesha. Anayetaka kulipinga asubiri Jumapili ijayo. Mtakaa mafungu manne: akina mama, vijana, wazee, na wenzetu wenye ulemavu pamoja na wanaowasaidia. Kila fungu lina mwandishi. Ataandika wazo bila jina la mtu. Akina mama watasomewa yao kwanza.

Mimi sina wazo la kutoa leo. Mkiniona nafungua mdomo, nikumbusheni. Katibu, soma barua."

Dakika nne na kidogo. Uvumi niliuweka mwanzo kabisa kwa makusudi: mtu anayejiuliza kama ghala limeuzwa hasikii neno linalofuata mpaka ajibiwe. Wazee wa ushirika walikuwa wameketi mbele ili kila mtu aone kwamba hawakupinga.

Swali lile ndilo lililonisumbua kuliko yote. Nilianza na "Tufanyie nini ghala hili?" Nikamjaribia jirani yangu, akajibu hapohapo: "Ukumbi wa harusi." Nikauliza wengine wawili, wote wakasema ukumbi. Ukimwonyesha mtu jengo na kumuuliza litakuwa nini, anakutajia jengo jingine aliloliona mjini. Nilipombadilishia swali nikamuuliza shida ya wiki yake, jirani huyohuyo alifikiri kidogo, akasema anauza mahindi yake kwa bei ya kutupa wiki ya mavuno kwa sababu nyumbani hana pa kuyaweka, panya wanamaliza. Hilo ni jambo la ghala hasa.

Baada ya barua kusomwa palikuwa na ukimya mrefu. Nilitamani sana kuujaza. Nilitazama viatu vyangu. Kisha fungu la akina mama likaanza kunong'ona, na baada ya hapo sikuweza kuyafuata yote.

Yaliandikwa mawazo kumi na manne. Akina mama walileta mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria: pa kuanikia na kutunzia mahindi mvua inapowavamia, na pa kuacha watoto wadogo siku za soko. Vijana walitaka chumba cha kuonyesha mpira kwa kiingilio. Wazee walitaka libaki tayari kwa mafuriko, magodoro yawekwe juu ya rafu. Fungu la wenye ulemavu halikuleta wazo jipya, lilileta kipimo: jukwaa la kupakilia pamba mbele ya mlango limeinuka hadi kwenye goti, kwa hiyo kazi yoyote itakayochaguliwa ianze na njia ya mteremko. Nilikuwa nimepima jengo lote kwa kamba na hilo sikuliona.

Kijana mmoja aliandikisha: livunjwe, matofali yauzwe, kila kaya ipate chake. Watu wakacheka, mjumbe mmoja wa kamati yangu akaanza kumkaripia. Nilisema neno moja tu, "Iandikwe," na mama mmoja akanikumbusha papo hapo kwamba nimefungua mdomo. Ikaandikwa. Wiki iliyofuata kijana huyo ndiye aliyekuja na hesabu ya mabati kutoka maduka matatu ya Kasese mjini.

Kosa langu la siku hiyo lilikuwa la muda. Kusoma mawazo yote kwa sauti kulikula saa nzima, na wazee wawili wakaondoka fungu lao halijasomwa. Ningeanza na mafungu yenye watu wenye safari ndefu.

Jumapili iliyofuata tulipitisha mawazo kwenye maswali mawili tu: je, barua ya wanachama inaruhusu, na je, giza la ndani linakubali. Kuvunja kukaanguka kwa swali la kwanza. Watoto wadogo wakaanguka kwa la pili, kwa kuwa dirisha ni kubomoa ukuta, ingawa akina mama wamewaomba wanachama wakae juu ya hilo tu na mkutano wao umepangwa. Mahindi na mafuriko vilipita pamoja: gunia linakaa msimu wa mavuno, magodoro yanakaa rafuni mwaka mzima. Mpira nao ulipita, giza likiwa sifa, ila wenye mahindi hawataki watu usiku karibu na magunia yao. Hapo ndipo tulipo sasa. Mabati matano yameshapanda, mteremko umemwagwa saruji, na ukanda wa fundi bado mzima na tarehe yake.