Tulivyoacha kufunga duka kila Desemba ili kuhesabu stoo

Kwa miaka minne duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza lilifungwa siku mbili za mwisho za Desemba. Tulihesabu kila kitu, kuanzia nondo hadi bawaba, kwa msaada wa vijana sita tuliowakodi. Tukimaliza, kompyuta na rafu vinasema kitu kimoja. Ikifika Machi vimeshaachana. Mhasibu wetu akashauri tuhesabu yote mara mbili kwa mwaka. Ushauri huo unanikera hadi leo: hesabu ya Juni ilitugharimu kama laki nane kwa vibarua na mauzo tuliyoyakosa, na bado hatukujua tofauti zinatoka wapi.

Jibu lilipatikana kwenye waya wa umeme wa 2.5. Mwaka ule kompyuta ilionyesha roli 14, stoo ikawa na 11 zilizofungwa. Nilimkata kijana wa stoo mshahara kwa roli tatu. Miezi michache baadaye tofauti ikajirudia, tena ya roli tatu zilezile, na safari hii nilikaa naye tukafuatilia. Waya ule ulikuwa na majina mawili kwenye kompyuta: moja la roli zima la mita 100, jingine la mita za kukata. Fundi akitaka mita 20, muuzaji anachana roli, anakata, anaandika mita 20. Hakuna aliyepunguza roli moja na kuongeza mita 100 upande wa pili. Tulipofungua jina la mita tukakuta hasi 260. Roli tatu ni mita 300. Ukitoa 260 zilizouzwa zinabaki 40. Tukachukua kipande kilichoning'inia msumarini, tukakipima kwa futi ya chuma: mita 40. Hakuna aliyeiba hata inchi. Kijana nilimwomba radhi mbele ya wenzake na kumrudishia fedha yake.

Kwenye hesabu ya Desemba kosa hilo tulikuwa tukilizika wenyewe. Tunafuta roli tatu kama hasara, tunaandika mita 40 mahali pa hasi 260, kisha tunasonga mbele kwa sababu vitu 900 vinasubiri. Ukihesabu kitu wakati risiti zake bado ni za mwezi huuhuu, muuzaji anakumbuka alichofanya.

Basi nikapanga bidhaa kwa thamani ya mauzo ya mwaka, yaani idadi iliyouzwa mara bei ya kununulia. Bidhaa 90 za juu, kama saruji, nondo, mabati na waya, zinahesabiwa kila mwezi. Zinazofuata 210 ni kila miezi mitatu. Zile 600 zilizobaki ni mara mbili kwa mwaka. Ukijumlisha unapata hesabu 3,120, na kwa siku 300 za kazi ni bidhaa 11 kwa siku. Hazizidi dakika arobaini.

Tunahesabu saa moja asubuhi, kabla ya mauzo ya kwanza na baada ya kuhakikisha mizigo ya jana yote imeingizwa. Mwanzoni tulifanya saa nne, wateja wakiwa wamejaa, tukapata tofauti ambazo hazikuwepo. Mzigo uliolipiwa lakini haujachukuliwa una kona yake na nakala ya risiti juu yake, la sivyo utauhesabu kama wako. Anayehesabu hupewa jina la bidhaa na mahali ilipo tu. Idadi ya kompyuta haioni. Tulipokuwa tukimwonyesha, kila kitu kililingana ajabu.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni hii: bidhaa ya siku naichagua ikiwa imebaki kidogo, mzigo mpya haujafika. Kuhesabu mifuko tisa ya saruji ni kazi ya dakika moja. Mifuko 400 iliyopangwa hadi darini inachosha na inadanganya. Na kompyuta ikisema sifuri, mtu anaenda kuangalia rafu siku hiyohiyo. Misumari tunapima kwa mizani na kuvumilia tofauti ya asilimia mbili. Kwenye zile 90 hatuvumilii hata moja: inahesabiwa upya na mtu mwingine, kisha tunatafuta sababu, ndipo kompyuta inarekebishwa.

Wiki ya kwanza tulihesabu bidhaa 66, zilizolingana zikawa 41. Mwezi wa tano zilikuwa 63. Mabadiliko makubwa yalitokana na kitu kimoja: kila roli, boksi au mfuko unaofunguliwa ili kuuzwa rejareja sasa unaandikwa kabla kisu hakijaugusa.

Desemba iliyopita hatukufunga. Mkaguzi wa hesabu alikuja, akapitia madaftari yetu ya kila siku, akachagua bidhaa 30 azihesabu mwenyewe. 29 zililingana. Ya thelathini ilikuwa koki za nusu inchi, boksi moja tulilikuta nyuma ya rangi jioni ileile.