Kumbukumbu ya kisima: pampu kubwa, waya mwongo na bomba la robo tatu

Hatimaye kisima chetu kimesema kinatoa maji kiasi gani: lita 2,000 kwa saa, basi. Pampu iliyolala stoo inavuta 5,000.

Kwa wageni wa kumbukumbu hizi, tuko Singida kwenye miamba ya itale. Huku maji hukaa kwenye nyufa, kwa hiyo visima viwili jirani vinaweza kutofautiana kabisa. Chetu kina mita 110, na maji yakitulia yanasimama mita 22 kutoka juu. Ile 5,000 ilitoka kwa mchimbaji, aliyeikadiria alipokuwa akipuliza kwa kompresa siku ya kumaliza kuchimba. Makadirio ya kupuliza ni ya kujua kama kisima kina maji au hakina. Si ya kununulia pampu. Lakini dukani kulikuwa na punguzo la bei, na kamati ikapitisha. Tulipoiwasha ikiwa mita 80 chini, kabla ya nusu saa kwisha ilianza kutema hewa.

Mhazini wetu, mama asiyependa maneno mengi, akauliza, "Katibu, sasa tumenunua pampu ya kisima gani?"

Pampu kubwa haikukosa kazi, maana kwa majaribio inafaa sana: unaibana kwa geti valvu hadi kiwango unachotaka. Kiwango tulipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 72 ni lita 1,000 kwa saa, kwa sekunde 48 ni 1,500, kwa sekunde 36 ni 2,000. Kila hatua tuliipa saa moja huku tukipima kina cha maji. Kifaa cha kupimia kina nilitengeneza mwenyewe: waya pacha wenye alama kila mita, ncha mbili wazi chini, multimita juu. Ncha zikigusa maji, multimita inalia. Vya dukani ni vizuri, ila kwa bei yake kamati ingenunua mabomba.

Na hapo ndipo niliposumbuka. Kwa lita 1,000 kina kilishuka hadi mita 31, sawa. Kwa 1,500 kikasoma 34. Kwa 2,000 kikasoma 34. Kwa 2,500 kikasoma 34! Mwenyekiti alifurahi, akasema kisima kimegoma kushuka, turudishe pampu yetu kazini. Mimi sikulala. Kisima hakivutwi zaidi na zaidi kikabaki palepale, tena kile kilichokwisha kukauka mbele ya macho yetu.

Nilibadilisha betri, nikakata ncha upya, nikafunga waya mwingine. Bado 34. Mwishowe nilizima jenereta, nikaweka sikio mdomoni mwa kisima: maji yalikuwa yanachuruzika ndani kama bomba bovu. Kuna ufa karibu na mita 34. Kina kikishuka chini yake, maji ya ufa yanamwagika kwenye kisima na kulowesha ncha za waya, multimita inalia kabla haijafika kwenye maji yenyewe.

Dawa ni bomba la plastiki la robo tatu. Tuliivuta pampu juu kwa mikono, tukafunga bomba hilo sambamba na la kupandishia maji kwa vipande vya mpira wa tairi (vinashika kuliko vibanio vya plastiki, nitabishana na yeyote). Chini limezibwa, lina matundu kwenye mita mbili za mwisho tu. Waya unashuka ndani yake mkavu. Tukarudia hatua zote: 31, kisha 39, kisha 51. Kwa 2,500 kina hakikutulia kabisa. Tukabaki kwenye 2,000 usiku na mchana kwa zamu. Kina kikasimama mita 58.

Sasa hesabu ina mguu. Vitongoji viwili vina watu 460. Kwa lita 25 kila mtu kwa siku, kama sera ya maji ya 2002 ilivyotaka, ni lita 11,500. Lita 2,000 kwa saa, mara saa sita za jua, ni 12,000. Ng'ombe hawamo, wabaki lamboni, na kikao kuhusu hilo kilikuwa kikali. Kuinua: mita 58, kilima 9, mnara wa tangi 6, na 3 za msuguano wa mabomba, jumla 76. Hiyo ndiyo pampu ya kutafuta. Ya zamani duka halirudishi kwa kuwa imeshaguswa na maji. Mkulima mmoja wa bondeni anaitaka.

Msingi wa mnara nao umesimamishwa hadi majibu ya floraidi yatoke maabara. Mhazini ndiye aliyeshika funguo za saruji.

Wiki hii nilitakiwa kuchora ramani ya vioski. Sijaigusa. Nimeamua bomba la robo tatu libaki humo moja kwa moja, na ninatengeneza kifuniko chenye kufuli ili tupime kina kila Jumatatu hadi mwisho wa kiangazi.