Jodari wa Ziada Katika Ripoti ya Malindi

Wakati huo nilikuwa nikitunza hifadhidata za kampuni moja ya kununua samaki iliyokuwa na ofisi yake Malindi, na mapokezi katika madiko kadhaa ya pwani, kuanzia Ngomeni hadi Kizingitini upande wa Lamu. Makarani waliandika kila pokezi kwenye vishikwambi: aina ya samaki, uzito, bei na jina la chombo. Maandishi hayo yaliingia katika jedwali lililoitwa `mapokezi` kwenye seva ya Malindi, na kila usiku saa nane nakala ya mistari mipya na iliyobadilika ilipelekwa Nairobi, ambako wenye kampuni walisoma ripoti zao asubuhi.

Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi, jodari wanapopatikana kwa wingi, mhasibu alinisimamisha mlangoni. Ni mama wa makamo aliyezoea kuhesabu mwenyewe kabla ya kuamini mashine. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Mwanangu, ripoti ya Nairobi inasema tumepokea kilo 418 za jodari kutoka chombo kimoja," alisema. "Mimi nina stakabadhi ya kilo 38. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Niliketi nikafungua hifadhidata zote mbili. Seva ya Malindi ilikuwa na pokezi moja la jodari la chombo kile, lenye namba 290420 na uzito wa kilo 38. Nairobi ilikuwa na mawili: namba 290420 la kilo 38, na namba 290419 la kilo 380, ambalo Malindi halikuwepo kabisa. Hapo maelezo yalijitoa yenyewe. Karani aliandika 380 mahali pa 38.0, na kwa kuwa skrini yake haikumruhusu kurekebisha uzito uliokwisha kuhifadhiwa, alilifuta pokezi lile kesho yake na kuandika jipya. Mstari wa kwanza ulikuwa umekwisha kusafirishwa usiku uliotangulia, na hakuna aliyewaarifu watu wa Nairobi kwamba umeondoka. Kuruka kwa namba peke yake hakukunitosha kama ushahidi, kwa sababu katika PostgreSQL namba za mfululizo huruka pia muamala, yaani kundi la maandishi ambalo hifadhidata hulikubali lote kwa pamoja au hulikataa lote, unapovunjika kabla ya kukubaliwa. Kilichothibitisha jambo ni kuuona mstari wenyewe ukiwa hai upande mmoja na haupo upande wa pili.

Programu ya usiku, niliyoikuta imeandikwa na mtangulizi wangu, ilitegemea safu moja tu, `updated_at`, inayobeba saa ambayo mstari uliguswa mara ya mwisho. Kila usiku ilichukua mistari yote ambayo saa hiyo ni ya baadaye kuliko alama iliyowekwa jana, ikaiandika Nairobi, kisha ikasogeza alama mbele. Njia hii ni nyepesi na inafaa sana pale mtandao unapokatika ovyo, lakini ina upofu wa kimaumbile: mstari uliofutwa hauna `updated_at` ya kusomwa, kwa kuwa haupo. Hakuna namna ya kuandika swali juu ya safu hiyo likaleta kitu kisichokuwepo. Lau jedwali lingekuwa dogo na Nairobi ingekuwa chumba cha pili, ningelinakili lote upya kila usiku nikaenda kulala, na naamini wengi wanaohangaika na alama hawana haja nayo. Jedwali letu lilikuwa na mistari inayokaribia laki tatu, tena mipana, na waya wa usiku haukuaminika.

Dawa ya kawaida ni kutofuta kabisa, bali kuweka safu inayosema kwamba mstari umefutwa, ili kufuta kuwe badiliko kama mabadiliko mengine na alama ilikamate. Waliotuuzia programu ya mapokezi walikataa, na kwa haki, kwa sababu kila skrini na kila jumla ndani ya programu yao ingelazimika kujifunza kuiruka mistari hiyo. Ikabaki kuiachia hifadhidata yenyewe iandike kumbukumbu ya kila kinachofutwa, bila programu kujua. Nilitengeneza jedwali la `mapokezi_futwa` lenye safu mbili, kisha kichochezi hiki:

```sql
CREATE FUNCTION andika_kufutwa() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  INSERT INTO public.mapokezi_futwa (id, futwa_saa)
  VALUES (OLD.id, now());
  RETURN NULL;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql SECURITY DEFINER;

CREATE TRIGGER baada_ya_kufuta
AFTER DELETE ON public.mapokezi
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION andika_kufutwa();
```

Maneno `SECURITY DEFINER` si pambo. Bila hayo kichochezi hufanya kazi kwa ruhusa za yule anayefuta, na akaunti ya makarani haikuwa na ruhusa ya kuandika katika jedwali jipya. Nilijaribu kwanza kwenye nakala, kwa akaunti yao na si kwa yangu, na hapo kufuta kulikataliwa kwa ujumbe `permission denied for table mapokezi_futwa`. Kwa akaunti ya mtunzaji kila kitu kingepita salama, na hitilafu ingejitokeza dikoni alfajiri, foleni ya wavuvi ikiwa imesimama.

Nikiwa katika kazi hiyo niligundua hasara ya upande wa pili, ambayo mhasibu hakuwa ameiona kwa sababu ilipunguza badala ya kuongeza. Vishikwambi vya Kizingitini vilihifadhi mapokezi ndani yao pale mtandao ulipokosekana, na uliporudi, mara nyingi usiku, vilimwaga yote kwa muamala mmoja. Muamala wa namna hiyo ungeweza kuanza saa nane kasoro dakika nne na kumalizika saa nane na dakika nne. Katika PostgreSQL, `now()` hurudisha saa ya kuanza kwa muamala, haijalishi utachukua muda gani, kwa hiyo mistari yote ilipigwa muhuri wa `01:56`. Programu yetu iliposoma saa nane kamili haikuiona, kwa kuwa ilikuwa haijakubaliwa bado, kisha ikaweka alama kwenye saa nane. Usiku uliofuata iliuliza mistari ya baada ya saa nane. Mistari ya `01:56` ilibaki nyuma ya alama daima, na isingefika Nairobi mpaka mtu aiguse tena.

Nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, alama haikutoka tena kwenye saa ya mashine ya Nairobi, ambayo isitoshe ilikuwa mbele kwa dakika kadhaa, bali ikawa thamani kubwa kabisa ya `updated_at` iliyosomwa kwenye data yenyewe. Pili, kila usiku tulirudi nyuma kidogo kabla ya kusoma:

```sql
SELECT * FROM mapokezi
WHERE updated_at > :alama - interval '2 hours';
```

Muamala mrefu niliouona katika kumbukumbu za seva haukuzidi dakika ishirini, hivyo saa mbili zilikuwa na nafasi ya kutosha. Muamala utakaodumu zaidi ya hapo bado utaponyoka, na huo ndio mpaka wa njia hii. Kusoma mistari ileile tena hakuna madhara mradi uandishi wa Nairobi utumie `INSERT ... ON CONFLICT (id) DO UPDATE`, ambao huandika mstari mpya au husahihisha uliopo bila kuurudufisha. Jedwali la waliofutwa nalo lilisomwa kwa kurudi nyuma vivyo hivyo, kwa kuwa mihuri yake ina kasoro ileile. Alama yenyewe niliihamishia katika hifadhidata ya Nairobi, ili data na alama viandikwe katika muamala mmoja; waya ukikatika katikati, vyote hurudi vilivyokuwa, na kesho kazi huanza pale pale.

Yalibaki yaliyofutwa kabla kichochezi hakijawekwa, na kwa hayo hakukuwa na njia nyingine ila kulinganisha funguo. Orodha ya namba za mapokezi peke yake ni nyepesi, megabaiti chache tu hata ikiandikwa kama maandishi, kwa hiyo niliileta yote Nairobi na kuuliza ni mistari gani ya huko haimo:

```sql
UPDATE mapokezi r SET imefutwa = true
WHERE NOT r.imefutwa
  AND NOT EXISTS (
    SELECT 1 FROM funguo_za_malindi f
    WHERE f.id = r.id);
```

Swali hili ni fupi na ni la hatari. Orodha ikifika nusu kwa sababu mtandao umekatika, nusu ya samaki wa kampuni watatangazwa kuwa wamefutwa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaoonekana. Kwa hiyo programu ilihesabu kwanza idadi ya funguo zilizofika na kuilinganisha na idadi iliyotajwa na Malindi katika usomaji uleule, na ilikataa kuendelea endapo mistari ya kufutwa ingezidi asilimia moja ya jedwali. Mpangilio nao una uzito: mistari mipya hupakiwa kwanza, orodha ya funguo huchukuliwa baadaye. Ukigeuza, pokezi lililoandikwa baada ya orodha kuchukuliwa litapakiwa Nairobi na papo hapo litahesabiwa kuwa limefutwa.

Nilichagua kuiwekea mistari hiyo safu ya `imefutwa` badala ya kuiondoa, na ripoti zikasoma kupitia mwonekano unaoificha. Mhasibu alifurahia jambo hilo kuliko jumla zilizonyooka, kwa kuwa sasa aliweza kuitisha orodha ya kila kilichofutwa na kuuliza sababu yake. Usomaji wa kwanza ulipomalizika, jodari wa chombo kile walirudi kuwa kilo 38.

Ulinganishaji wa funguo sikuuondoa baada ya kazi ya mara moja. Niliuacha uende kila usiku wa kuamkia Jumapili, ukitarajiwa kukuta sifuri, kwa sababu kichochezi ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiondoa bila kujua. Miezi kadhaa baadaye ulikuta mistari. Waliotuuzia programu walikuwa wameleta toleo jipya, na katika kuongeza safu walitengeneza jedwali jipya, wakanakili data, wakalifuta la zamani na kulipa jipya jina lake. Kichochezi kiliondoka pamoja na jedwali la zamani, na programu yao haikuwa na sababu ya kulalamika. Nilikirudisha siku hiyohiyo, nikaongeza hatua mwanzoni mwa kazi ya usiku inayotafuta `baada_ya_kufuta` katika `pg_trigger` kwa ajili ya jedwali la `mapokezi`, na kumpigia simu mtunzaji wa zamu isipokipata.