Jinsi nilivyozielewa sinasi kwa kuanzia kwenye matundu yake

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, nilijifunza sinasi kwa mpangilio uliozoeleka: kwanza mapango yenyewe ya hewa ndani ya mifupa inayoizunguka pua, yaani sinasi ya shavu, ya paji la uso, ya etmoidi iliyo kati ya macho na ya sfenoidi iliyo nyuma yake, kisha kuta zake, kisha mishipa yake, na mwishoni kabisa, kwa mistari michache, mahali ambapo kila pango hutolea ute wake. Niliweza kuyataja yote hayo bila shida. Nilichoshindwa kueleza ni kwa nini mgonjwa anayelalamikia maumivu ya paji la uso huchunguzwa katikati ya pua, na kwa nini shavu, paji na eneo la kati ya macho huugua pamoja mara nyingi ilhali sinasi ya sfenoidi iliyo nyuma yake husalimika. Majibu yalianza kupatikana nilipougeuza mpangilio ule, nikayaweka mapango kando na kuanza na ukuta wa pembeni wa pua, ambako matundu yote hufungukia.

Ukuta huo una vijibao vitatu vya mfupa vilivyojipinda na kufunikwa utando laini, vinavyoitwa konka: ya chini, ya kati na ya juu. Chini ya kila konka kuna njia ya hewa. Njia iliyo chini ya konka ya chini hupokea machozi tu kutoka kwenye jicho, wala hakuna sinasi inayofungukia humo. Njia iliyo chini ya konka ya kati hupokea ute wa sinasi ya shavu, ya paji na ya vyumba vya mbele vya etmoidi. Vyumba vya nyuma vya etmoidi hufungukia chini ya konka ya juu, na sfenoidi hufungukia nyuma na juu zaidi, kwenye kijipembe kilicho karibu na dari ya pua. Nilipoyachora haya kwenye karatasi tupu, bila kuchora pango hata moja, niliona kwamba sinasi zimegawanyika katika makundi mawili kufuatana na mahali zinapotolea ute: kundi la mbele linalotumia njia ya kati, na kundi la nyuma linalopita juu yake. Tangu hapo sikuhitaji tena kukariri orodha.

Hata hivyo, mchoro wa pua inayotazamwa kutoka pembeni hauonyeshi sehemu iliyo muhimu kuliko zote, kwa sababu sehemu hiyo imejificha nyuma ya konka ya kati. Nilianza kuchora uso uliokatwa wima kutoka sikio hadi sikio, kama unavyoonekana katika picha za CT za mkato huo. Katika mchoro wa namna hiyo, sinasi ya shavu iko chini ya jicho, na tundu lake asilia liko juu kabisa kwenye ukuta unaoelekea puani, karibu na sakafu ya tundu la jicho. Tundu hilo halifungukii moja kwa moja ndani ya pua. Hufungukia kwenye mfereji mwembamba uitwao infundibulamu ya etmoidi, ambao upande wake wa nje umepakana na ukuta mwembamba sana wa jicho, na upande wake wa ndani umezibwa na kijimfupa chembamba chenye umbo la kulabu. Ute hupanda kwenye mfereji huo, hupita kwenye mwanya wenye umbo la hilali ulio kati ya ukingo wa kulabu na chumba kimoja kikubwa cha etmoidi kilichotuna, kisha huingia katika njia ya kati. Vyumba vya mbele vya etmoidi hutoa ute wao papo hapo jirani, na njia ya sinasi ya paji hushuka hadi eneo hilohilo, ijapokuwa mahali hasa inapoishia hutofautiana kati ya mtu na mtu, kutegemea sehemu ya juu ya kulabu imejishikiza wapi.

Nafasi yote hiyo ina upana wa milimita chache tu. Nilijipa hesabu rahisi ili nisiisahau: mfereji wenye upana wa milimita 3 ukivimba milimita 1.5 kutoka kila upande, nyuso mbili za utando hugusana na mfereji haupo tena. Uvimbe wa kiasi hicho mahali pengine puani mtu hawezi hata kuuhisi.

Jambo lililonishughulisha kwa muda mrefu zaidi ni tundu la sinasi ya shavu kuwa juu. Sinasi hiyo kwa mtu mzima hubeba takribani mililita 15, na sakafu yake iko chini kuliko sakafu ya pua, kwa hiyo ni kama mtungi uliotobolewa karibu na shingo: mtu akiwa amesimama, uzito wa ute hauwezi kuutoa. Kazi hiyo hufanywa na silia, vinyweleo vidogo mno vilivyo juu ya seli za utando, ambavyo hupiga mara nyingi kila sekunde na kulisukuma blanketi jembamba la ute kuelekea tundu asilia. Walter Messerklinger, daktari wa Graz nchini Austria, alizifuatilia njia hizo katika karne ya 20 na kuonyesha kwamba ute huanzia sakafuni, hupanda kwenye kuta zote na kukutana kwenye tundu lilelile la asili. Hata pakiwa na tundu jingine karibu, ute hulipita na kuendelea na safari yake. Ndiyo sababu dirisha ambalo wapasuaji wa zamani walilifungua chini, kwenye njia ya konka ya chini, halikuubadili mwelekeo wa silia: ute uliendelea kupanda kuelekea tundu la juu lililoziba.

Nilipolielewa hilo, mfuatano wa ugonjwa ulijieleza wenyewe. Mafua ya virusi au mzio huuvimbisha utando, na nyuso za mfereji zinapogusana, silia za pande zote mbili hukwama mahali hapo. Hewa iliyofungiwa ndani ya pango hupoteza oksijeni kwa sababu utando huifyonza, shinikizo hushuka, na majimaji huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa ya damu kuingia ndani ya pango. Upungufu wa oksijeni huzidhoofisha silia na ute huwa mzito, kwa hiyo hata kiasi kidogo ambacho kingeweza kupenya hakiondoki tena. Bakteria ambao kwa kawaida hukaa puani na kooni bila madhara, hasa nimokokasi, hemofilasi na moraksela, hupata dimbwi lisilotiririka na kuzaana humo. Usaha wao huleta uvimbe zaidi, na uvimbe huo huubana zaidi mfereji uleule. Ugonjwa huanzia mlangoni, na pango linaathirika baadaye.

Mgonjwa aliyenithibitishia haya nilimwona katika kliniki ya masikio, pua na koo. Alikuwa mama wa makamo aliyepata mafua, akapata nafuu siku ya 5, kisha siku ya 7 hali ikawa mbaya upya, kwa homa, makamasi mazito ya upande wa kulia na maumivu ya shavu na paji la upande huo. Daktari aliyetufundisha alimwuliza, "Pole sana, mama. Ukiinama, maumivu yanaongezeka?" Akajibu, "Yanaongezeka, daktari, na hata meno ya juu ya upande huu yananiuma." Maumivu hayo ya meno yana maelezo ya kianatomia: mizizi ya magego ya juu iko chini kabisa ya sakafu ya sinasi ya shavu, na neva zake hupita kwenye kuta zilezile.

Kabla daktari hajaingiza kamera, alitutaka tutabiri. Nilijibu kwamba usaha utaonekana chini ya konka ya kati, kwa kuwa shavu na paji vinaumwa pamoja na mahali pekee panapokutanisha njia zake ni pale. Ndivyo ulivyoonekana, ukishuka kutoka chini ya konka hiyo, ilhali sehemu ya nyuma ya juu ilikuwa safi. Kuzorota upya baada ya nafuu kulitosha kuashiria bakteria, na kwa maambukizi hayo peke yake picha ya CT isingehitajika. Mafua ya kawaida yenyewe huleta mabadiliko katika picha za sinasi za watu wengi, na hutoweka bila dawa. Rangi ya makamasi nayo haithibitishi bakteria. Picha iliagizwa baadaye kwa sababu maumivu yalikuwa yamemrudia mara kadhaa kwa mwaka, upande uleule.

Mpangilio wa weusi na weupe katika picha hiyo ulikuwa kama mchoro wangu. Sinasi ya shavu, vyumba vya mbele vya etmoidi na sinasi ya paji za upande wa kulia zilikuwa na ukungu, ilhali vyumba vya nyuma na sfenoidi vilikuwa vyeusi, yaani vimejaa hewa. Konka yake ya kati ya kulia ilikuwa na chumba cha hewa ndani yake, ikaikandamiza kulabu na kuufanya mfereji uwe mwembamba kuliko wa kushoto. Hapa daktari alitutahadharisha, na tahadhari hiyo naiona kuwa ya msingi: konka ya namna hiyo huonekana kwa watu wengi wasiougua kamwe, hivyo haitoshi yenyewe kuitwa chanzo. Hupunguza tu nafasi iliyobaki, na uvimbe mdogo ambao mtu mwingine angeuvumilia hutosha kuufunga mfereji.

Mgonjwa alipewa antibiotiki, usafishaji wa pua kwa maji ya chumvi, na dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe wa utando. Matone ya kuzibua pua aliruhusiwa kwa siku chache tu, kwa sababu yakitumiwa kwa muda mrefu utando huvimba upya kila yanapoachwa. Alielezwa pia kwamba ugonjwa ukiendelea kurudi, upasuaji wa kamera ungeondoa kulabu, ungepunguza konka ile na kulipanua tundu asilia lenyewe, huku utando wa ndani ya pango ukiachwa, kwa kuwa silia zake hurudi kufanya kazi njia inapofunguka.

Siku hizi ninapoitazama picha ya CT, huanza na swali la ni pango lipi limeziba na lipi ni jeusi, kabla ya kutazama kiasi cha ukungu. Shavu, etmoidi ya mbele na paji zikiugua pamoja, macho yangu huenda kwenye njia ya kati. Etmoidi ya nyuma na sfenoidi zikiugua peke yake, hutazama juu na nyuma. Na sinasi ya shavu ikiwa peke yake, upande mmoja tu, mfereji ukiwa wazi na makamasi yakiwa na harufu mbaya, huiacha pua na kuitazama mizizi ya magego ya juu, maana hapo maambukizi huwa yameingilia sakafuni.